Kioo Kwenye Ufa

Babangu alikuwa fundi wa mawe kwa miaka zaidi ya arubaini, na kitu cha kwanza alichonifundisha kuhusu ukweli alinifundisha kwa kipande cha kioo. Nilikuwa darasa la tatu. Alinipeleka kwenye nyumba ya mtu huko Ziwani, nyumba ya zamani iliyopasuka ukuta, akachukua kioo chembamba cha fremu ya picha, akakilaza juu ya ufa kama daraja, akakishika kwa jasi, unga mweupe unaoganda ukikorogwa na maji, ncha zote mbili. Halafu akatoa penseli nyuma ya sikio na kuandika tarehe kwenye ile jasi.

"Ukuta ukisonga hata kidogo sana," aliniambia, "kioo hakiwezi kuvutika kama ngozi. Kitavunjika. Kikikaa kizima, huo ufa ni wa zamani, umelala. Tarehe ndiyo inakwambia umelala tangu lini."

Nilikua nikiamini kwamba kila ufa duniani ungeweza kuulizwa swali kwa njia hiyo na kujibu.

Sasa mimi ni mwalimu wa falsafa, wa vipindi, katika chuo kimoja mjini. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi Umoja kwa wazazi, na hapo ndipo nipo mpaka leo. Nyumba yenyewe wazee waliinunua ikiwa vyumba viwili vya chini. Baba akaipanua mbele, kisha akapandisha ghorofa moja kwa mikono yake, wikendi baada ya wikendi, mimi nikimpa maji. Juu kulikuwa na chumba changu na sebule kubwa ambayo mamangu aliiita "ukumbi," kwa maringo ambayo sikuwahi kumlaumu kwayo. Watu wetu wa magharibi ya Kenya wakipatwa na jambo hapa Nairobi, mahali pa kukutana ni nyumbani kwa mtu, na mtaani kwetu mtu huyo alikuwa babangu.

Mambo yalianza jirani wa upande wa kushoto alipobomoa nyumba yake ili ajenge ghorofa ya kupangisha. Walichimba msingi mrefu kwenda chini, shimo likaachwa wazi, na mvua ikanyesha ndani yake. Wiki mbili baadaye ufa ukatokea kwenye ukuta wetu wa ngazi, kuanzia chini ya dirisha ukipanda kwa mshazari. Baba akauziba kwa simenti laini na kupaka rangi. Ukarudi. Akauziba tena. Ukarudi mara ya tatu. Mamangu, ambaye ana methali kwa kila kitu, alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikamjibu kwamba mume wake anaziba kila Jumamosi na bado tunaelekea kuujenga.

"Ni plasta tu," alisema Baba. "Simenti ikikauka hupasuka. Mimi nitakosa kujua plasta?"

Wakati huo nilikuwa natayarisha somo juu ya wanafalsafa wa Kimarekani waliosema kwamba ukweli hauko mbali na kazi ya kuutafuta. Nina tabia ya kujifundisha kwa sauti nikipika. Na kwa kuwa somo lenyewe ni gumu, nilikuwa nimelifupisha mpaka likawa msemo wa kuvutia: ukweli ni kile kinachofanya kazi. Baba alikuwa mezani akimenya viazi. Siku ya pili nilipomwambia tuite mhandisi, alinitazama kwa furaha ya mtu aliyeokota shilingi.

"Si wewe ndiye unasema ukweli ni kile kinafanya kazi? Hii nyumba imefanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Mimi nikisema ni plasta, mama yako analala, wewe unalala, wageni wanakuja. Hiyo maneno imefanya kazi. Basi ni kweli."

Nilikasirika, na hasira yangu kubwa ilikuwa kwamba msemo wenyewe ulikuwa wangu.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nina mwanafunzi mmoja mtu mzima, anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni na kusoma jioni, huketi safu ya mbele na kunikazia macho. Nilipoandika ule msemo ubaoni aliinua mkono.

"Madam, mamangu alikuwa amelazwa. Nesi akamwambia anaendelea poa, wiki ijayo anarudi nyumbani Mathare. Mama akakula, akacheka na sisi, akaombea watu wa kwa wodi. Usiku wa tatu akaaga. Sasa hiyo maneno ya nesi ilifanya kazi. Ilikuwa kweli?"

Nilimpa jibu lililomo vitabuni. Nilisema wale wazee wa falsafa hawakumaanisha kufariji. Walimaanisha kwamba imani ni kama mpango wa kutenda: inakwambia ukifanya hivi, utakuta vile. Imani ya kweli ni ile ambayo, ukiifuata na kuipima, na wengine wakaipima kwa njia zao, haikuangushi. Mmoja wao alisema ukweli ni pale uchunguzi ungefika kama ungeendelea vya kutosha bila kuzuiwa. Mwingine aliongea kwa ulegevu zaidi, akasema cha kweli ni kile kinachofaa kuaminiwa, na hapo ndipo wapinzani walipomkamata: unachanganya ukweli na faida. Kwa hiyo, nikamwambia, imani ya mama ingegongana na mambo muda ukienda.

"Muda haukuenda, madam," alisema. "Alikufa akiamini."

Niliangalia saa ukutani na kusema tutaendelea wiki ijayo, na ninaona haya kuandika kwamba zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Nadhani Baba alichoka na uso wangu. Jumapili moja niliporudi kutoka kanisani nilikuta kioo kimewekwa juu ya ufa, safi, kimekingama kama daraja, na jasi nyeupe kwenye ncha zake. "Haya," alisema. "Kioo ndicho hicho. Kikivunjika, niite mjinga."

Nilifurahi mno. Hapo ndipo nilipotaka tufike: si neno langu dhidi ya lake, ila sote wawili tumsikilize shahidi mmoja. Kila asubuhi nikishuka ngazi niligeuza shingo. Kizima. Wiki ya kwanza, kizima. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku nne mfululizo na shimo la jirani likawa bwawa, nikashuka nikishikilia ukuta; kizima. Nikaanza kulala. Nikamwambia Baba samahani, naye akanipiga bega akasema, "Hakuna neno, mama." Ile kazi ambayo neno "plasta" lilikuwa limemfanyia Baba, kile kioo kilinifanyia mimi. Kiliniruhusu nisihamie kwingine.

Kisha kaka mkubwa wa Baba akafariki. Matanga ya Nairobi yangekuwa kwetu, bila mjadala. Jumamosi saa nane mchana, kabla ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani, watu wa ukoo, watu wa kanisa na kwaya nzima wangekusanyika kwenye ukumbi wa juu. Si chini ya watu hamsini. Kwaya yetu haiimbi ikiwa imekaa, na wala haijui kusimama kimya.

Alhamisi Mama alikuwa anapangusa vumbi kwenye ngazi, vumbi la ujenzi lisiloisha. Nilikuwa nyuma yake na ndoo.

"Hii kioo mbona inatingika?" aliuliza.

Nilimwambia hakiwezi kutingika. Akaweka kidole kwenye ncha ya juu na kukisukuma. Kioo kikainuka kutoka ukutani, kidogo, na kurudi. Ncha ya chini ilikuwa imeshikwa imara. Ile ya juu ilikuwa imepakwa jasi juu yake tu kwa urembo. Kwa nyuma hapakuwa na kitu. Kioo kilikuwa kimeshika upande mmoja wa ufa na kuning'inia juu ya ule mwingine. Ukuta ungeweza kufunguka upana wa kiganja, kioo kingebaki kizima na kuwaka jua.

Niliketi kwenye ngazi. Mamangu hakuhitaji kuelezwa; ameishi na fundi maisha yake yote. Alisema kwa sauti ndogo, "Mzee ametufanyia nini?"

Baba alikuwa uani akipanga viti vya kukodi. Nilimwendea, na sikumwamkia.

"Baba, kile kioo kimeshika upande mmoja."

Aliendelea kufuta kiti. Akafuta kiti kingine. Mwishowe akasema, "Ninajua."

"Ulijua kingevunjika?"

"Wewe unafikiria nini? Mtu atafunga mbwa mdomo kama anajua habweki?"

Nimefikiria jibu hilo kuliko ukurasa wowote niliowahi kusoma. Ile hoja aliyoiokota akimenya viazi, kwamba neno likileta amani basi ni kweli, hakuwahi kuiamini hata kwa dakika moja. Kama angeiamini angeshika kioo ncha zote mbili bila wasiwasi. Alishika moja kwa sababu alijua kuna faida ya kuamini na kuna ukuta, na hivyo ni vitu viwili. Wapinzani wa wale wazee hawakuhitaji vitabu. Wangemleta babangu tu.

Lakini pia nikaona jambo upande wa pili, nikiwa nimesimama pale kati ya viti. Nini hasa kilikuwa kimeharibika? Kipimo. Kioo kile kilikuwa na kila sura ya kufanya kazi: kilitulinda na hofu, kilipita mvua, kilinyamazisha ugomvi. Kitu kimoja tu hakikuweza kufanya, nacho ni kusema hapana. Uchunguzi ambao hauwezi kusema hapana si uchunguzi, na imani "inayofanya kazi" ndani yake haijafanya kazi yoyote. Nesi wa yule mwanafunzi hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Alikuwa na faili, alikuwa anashika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo. Alimpa mama kioo cha upande mmoja, kwa huruma, na chake chenye ncha mbili akakiweka mfukoni.

Nilimwambia Baba Jumamosi watu hawapandi. Akasimama wima kwa mara ya kwanza.

"Ndugu yangu amekufa. Wewe unataka niwaambie watu nini? Kwamba mimi, fundi, nimejenga nyumba haiwezi kubeba kilio?"

"Weka kioo vizuri, Baba. Basi. Weka vile ulinifundisha Ziwani."

Mama alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. "Ukiweka usiweke," alisema, "ukuta umepasuka au haujapasuka. Hausubiri kioo chenu." Nilitaka kumjibu kwamba kusema ukuta unasonga ni sawa na kusema kioo chochote kikiwekwa sawasawa kitavunjika. Nikanyamaza, kwa maana alikuwa tayari ananijibu kwa macho: ndiyo, na kitavunjika kwa nini, kama si kwa sababu ukuta unasonga?

Baba alileta tindo na nyundo. Kwanza aligonga plasta yote ikatoka, maana kioo kikishikwa kwenye plasta hupima plasta tu, na hilo nalo alikuwa amelikwepa mara ya kwanza. Jiwe likaonekana. Ufa haukuwa wa plasta. Ulikuwa umefuata viungo vya mawe kama ngazi, na mahali pamoja ulikuwa umeacha viungo na kupita katikati ya jiwe lenyewe. Aliutazama muda mrefu. Kisha akakata vipande viwili vya kioo cha fremu, kimoja cha akiba, akakoroga jasi, akakishika kimoja juu ya jiwe ncha zote mbili, akakisukuma kwa kidole gumba ili nione. Akaandika tarehe.

Ijumaa kioo kilikuwa kizima. Jumamosi asubuhi, kizima. Nilimwona Baba akishusha pumzi, na nitasema kweli, hata mimi moyo ulianza kunishawishi. "Unaona?" alisema, lakini kwa upole, bila kejeli.

"Tumekiuliza kuhusu nyumba tupu," nikamwambia. "Hatujakiuliza kuhusu watu hamsini."

Saa sita vijana wa kanisa walianza kupandisha mabenchi, viti, na pipa la maji ya kupikia ambalo Mama alitaka liwe karibu. Walilijaza kwa ndoo, wakicheka. Mimi na Baba tulikuwa kwenye ngazi, kila mmoja akijifanya ana shughuli hapo. Sikusikia mlio wowote. Niligeuka tu kumpisha mtu na benchi, na nilipogeuka tena kulikuwa na mstari mwembamba katikati ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo.

Baba alikuwa ameuona kabla yangu. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na ulipotoka ulikuwa na kile kioo cha akiba.

Langoni sauti zilikuwa zimeanza. Mchungaji alikuwa amefika, na wamama wa kwaya wakiwa na sare, wakianza kulia kama inavyopasa mtu akiingia kwenye boma la msiba. Jasi ilikuwa kwenye kopo pale pale chini ya dirisha. Kwa mikono ya fundi, kubadilisha kioo ni kazi ya dakika tatu. Nilijua, naye alijua kwamba najua, na hakuna mwingine chini ya jua aliyejua. Ningependa kuandika kwamba nilimkemea. Sikusema kitu. Niliwaza watu wale, niliwaza aibu yake, niliwaza kwamba labda nyumba ingesimama saa tatu tu, saa tatu ni nini?

Alirudisha kioo mfukoni. Akashuka hadi mlangoni, akavua kofia.

"Watu wangu," alisema, "karibuni. Lakini leo hatupandi juu. Nyumba yangu imepasuka. Tutakaa barabarani."

Mchungaji alimwendea na kumshika mkono, akamwambia walau waombe kidogo huko juu, kwa heshima ya marehemu, Mungu atawalinda mpaka amina.

"Amina tutasema hapa chini," alisema Baba.

Vijana wakashusha mabenchi. Nikamwaga lile pipa kwa kopo, ndoo baada ya ndoo, mpaka mabega yakaungua. Tukamlilia baba mkubwa barabarani, kwenye vumbi la shimo la jirani, boda boda zikitupigia honi. Na nyumba haikuanguka. Nataka hilo liandikwe waziwazi. Haikuanguka Jumamosi, haikuanguka Jumapili. Wiki iliyofuata nilisikia wajomba wawili wakisema mzee amechanganyikiwa kwa huzuni, amewaketisha watu kwenye mchanga kwa sababu ya kipande cha kioo. Ukweli ule haukumfaa babangu kitu. Ulimvunjia heshima aliyoijenga maisha yake yote.

Tulihamia vyumba vya nyuma, mbali na ule ukuta. Mhandisi wa kanisani kwetu alikuja, akapima kwa timazi na mpira wa maji wa kupimia usawa, akachimba kando ya msingi. Alisema msingi ulikuwa wa nyumba ya chini, ukabebeshwa ghorofa, na sasa udongo wa upande mmoja ulikuwa unatelezea shimoni. Nikamwuliza kama kioo kingebaki kizima tungekuwa salama. Alitikisa kichwa. Ukuta unaweza kuzama wote pamoja, akasema, na kioo kikazama nao bila kuvunjika. Hata kipimo cha haki hujibu swali lake tu, kisha unatafuta kingine, na kingine.

Nilimpelekea yule mwanafunzi hayo yote. Nilimwambia nilimjibu vibaya na kwamba bado sijamaliza. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hivyo nesi alijua?" Nikasema ndiyo, nadhani alijua. "Nilikuwa nataka tu mtu aseme hivyo," alisema.

Baba alibomoa ghorofa mwenyewe, polepole, jiwe kwa jiwe, akikataa vibarua. Alipofika kwenye linta, boriti ya zege juu ya madirisha, aliniita. Zege ilikuwa imekatika kabisa, nondo zikionekana, na nafasi iliyoingiza vidole vyangu vinne. Akaendelea kugonga.

Kile kioo cha kwanza, cha upande mmoja, nilikibandua na kukiweka kwenye dawati langu chuoni, na donge lake la jasi, nikidhani nitakitumia kufundishia. Juzi nilikitoa niwaonyeshe wanafunzi, nikakigeuza mbele ya dirisha. Kila kioo alichowahi kuweka babangu kilikuwa na tarehe. Kwenye hiki hakuandika. Alikuwa ameniambia tangu ile Jumapili ya kwanza kwamba hakipimi kitu, nami nilikipita kila asubuhi kwa wiki tatu.